Shajara ya mradi: milango ya Mji wa Kale, kutoka simu hadi ukutani

Mradi wenyewe ni huu. Ukumbi wa mtaa wetu hapa Mji wa Kale, Mombasa, umepakwa rangi upya, na wazee wamekubali kuta zake zitundikwe picha za milango ya nakshi kabla mingine haijang'olewa na kuuzwa. Nimejitolea kuzipiga na kuzichapisha. Hesabu ni picha nane za A3, moja ya A2, moja ya A4 ya babu yangu akiwa Bandari ya Kale, na bango la turubai la mita 2 kwa 1 la kutundikwa langoni. Nimeandika kila hatua, pamoja na pesa zilizopotea, ili wa mitaa mingine akitaka kufanya kama sisi asianzie pale nilipoanzia mimi.

Jumamosi, 3 Mei 2025: "Picha yako ni 72"

Kupiga picha kulichukua asubuhi mbili, kuanzia Ndia Kuu hadi Kibokoni, mapema kabla jua halijapanda na kufanya kivuli kikali juu ya nakshi. Simu yangu hutoa picha za pikseli 4000 kwa 3000. Niliziweka kwenye flashi nikaenda duka la kuprinti.

Kijana wa kompyuta alifungua ya kwanza, akatazama kidogo, akasema, "Kaka, hii haitoki vizuri. Ni 72 dpi. Niletee 300."

Dpi ni idadi ya nukta kwa kila inchi. Nilirudi nyumbani nikiamini kwamba simu yangu haifai kwa kazi hii. Jioni nikaenda kwa rafiki yangu mwenye Photoshop. Tukafungua *Image > Image Size*, na kweli mbele ya neno *Resolution* palikuwa na 72. Tukafuta, tukaandika 300. Papo hapo vipimo vya picha vikaruka kutoka 4000 × 3000 hadi 16667 × 12500, na uzito wake kwenye kumbukumbu ukapanda kutoka 34.3M hadi 596M. Kompyuta ikaanza kusuasua. Tulifanya hivyo kwa picha tatu, ikapita saa nzima, na tulipoivuta nakshi karibu haikuwa na mchoro hata mmoja ambao haukuwapo kwanza. Ilikuwa imevimba tu.

Usiku ule nilikaa na karatasi na kalamu mpaka nikaelewa kilichotokea. Naeleza hapa polepole, kwa sababu kosa hili ndilo lililozaa mengine yote.

Picha ya dijitali ni vijiraba vya rangi vilivyopangwa safu kwa safu. Yangu ina vijiraba 4000 kwa upana na 3000 kwa urefu. Hivyo ndivyo vipimo vya pikseli, na ndicho kitu pekee kilichomo ndani ya faili. Faili haina sentimita. Haijui kama itachapwa kwenye stempu au kwenye ukuta wa ghorofa.

Sentimita huja pale unapochagua karatasi. Ukizitandaza pikseli 4000 juu ya karatasi yenye upana wa inchi 16.5, ambao ndio upande mrefu wa A3, kila inchi moja itabeba pikseli 242. Huo ndio msongamano wa uchapaji. Inchi moja ni sentimita 2.54, kwa hiyo hesabu yake haihitaji programu yoyote:

```
pikseli ÷ inchi za karatasi = pikseli kwa inchi
4000 ÷ 16.5 = 242
4000 ÷ 11.7 = 342   (A4)
```

Ile 72 basi ni nini? Ni namba iliyoandikwa pembeni mwa faili, kama lebo juu ya gunia. Inasema: "Mtu asipotoa amri nyingine, nitandazeni pikseli 72 kwa kila inchi." Simu nyingi huandika 72 kwa sababu lazima kitu fulani kiandikwe pale. Ukiitii lebo hiyo, picha yangu ingekuwa na upana wa sentimita 141. Ukibadilisha lebo iwe 300, upana unakuwa sentimita 34. Pikseli ni zile zile 4000 katika hali zote mbili, na mchele ndani ya gunia haujaongezeka wala kupungua.

Kosa letu lilikuwa tiki moja. Pale *Image Size* kuna kisanduku kinachoitwa *Resample*. Kikiwa na tiki, programu hushikilia sentimita na kubuni pikseli mpya ili zitimize namba uliyoandika. Ukiondoa tiki, programu hushikilia pikseli, na kinachobadilika ni lebo peke yake. Kwa anayetumia GIMP, ambayo ni ya bure, mambo haya mawili yamewekwa sehemu mbili tofauti: *Image > Print Size* hubadilisha lebo, *Image > Scale Image* hubadilisha pikseli. Nimehamia huko kwa sababu hiyo.

Zile faili tatu zilizovimba nilizifuta.

Jumatano, 7 Mei: jaribio la lebo

Sikutaka kumwendea kijana kwa maneno matupu. Nilichukua picha moja ya mlango, nikatengeneza nakala mbili zenye pikseli sawa: moja niliiacha na lebo ya 72, nyingine nikaipa 300. Nilikata kwanza pembeni, kwa maana picha ya simu ina uwiano wa 4 kwa 3 na karatasi za A ni nyembamba zaidi. Usipokata mwenyewe, mashine itakukatia inapotaka au itakuachia ukingo mweupe. Zikabaki pikseli 4000 kwa 2828.

Nilimwomba azichape zote mbili, zijae A3. Shilingi 250 kila moja.

Tulizilaza juu ya kaunta. Hakuna aliyeweza kuzitofautisha, si yeye, si mimi, si mama mmoja aliyekuwa akingoja lamineshoni ya cheti. Kijana alizigeuza nyuma kutafuta alama niliyoiandika kwa penseli. Akaniambia kwamba alifundishwa kuangalia 72 na 300 tu, na kwamba wateja wengi huleta picha za kupakua kwenye mtandao zenye 72 ambazo kweli huwa mbaya. Hapo nilimwelewa. Picha ile ya mtandaoni ina pikseli 600 au 800 kwa upana, na ubaya wake umetokana na uchache huo. Lebo ya 72 imefuatana nao tu, akaichukua kuwa ndiyo sababu.

Tangu siku hiyo, akifungua faili ya mtu huuliza kwanza upana wa pikseli, kisha ukubwa wa karatasi.

Aliniuliza swali lake pia: mashine yake kwenye boksi imeandikwa 5760 × 1440 dpi, mbona basi 242 inatosha? Jibu ni kwamba mashine inahesabu matone ya wino, si pikseli. Ina rangi chache tu za wino, na kila tone ama limeanguka ama halikuanguka. Ili kupata kahawia ya mti wa msaji, lazima imwage matone mengi ya manjano, waridi, samawati na meusi yakae karibu karibu mpaka jicho liyachanganye. Pikseli moja kwenye msongamano wa 300 ina nafasi zipatazo 90 za matone kwenye mashine hiyo. Kwa hiyo namba ya boksini ni ya mashine na karatasi, na hupaswi kuitafuta kwenye picha yako. Bahati mbaya zote mbili huitwa dpi madukani. Mimi nimeamua kuandika ppi kwa pikseli za kila inchi na dpi kwa matone ya kila inchi, ingawa nikiwa dukani nasema kama wanavyosema wao.

Jumapili, 11 Mei: picha mbili zilizodanganya

Baada ya jaribio lile nilijiona nimemaliza. Nikagawa pikseli kwa inchi kwa picha zote nane, zote zikanipa 242, nikachapisha. Mbili zikatoka vibaya, na hizi ndizo zilizonifunza zaidi.

Ya kwanza ilikuwa ya mlango ulio ndani ya ua wa jamaa wa mke wangu. Binamu yake alinitumia kwa WhatsApp, na mtu mwingine katika familia "aliirekebisha" kabla haijanifikia. Nilipoifungua ilikuwa 4000 × 3000 kama zangu. Kwenye karatasi ilikuwa laini kama iliyochorwa kwa mafuta, na misumari ya shaba imekuwa madoa. Nilimpigia binamu. Picha aliyotuma ilikuwa imefika kwa jamaa yule na pikseli 1280 kwa 960, kwa sababu WhatsApp huipunguza picha inapotumwa kwa njia ya kawaida, kisha jamaa akaivuta mpaka 4000 akidhani anaitengeneza. Pikseli zilikuwapo 4000. Habari ndani yake ilikuwa ya 1280. Kwa A3 hiyo ni 78 kwa inchi, si 242.

Tiba yake ilikuwa nyepesi. Binamu alituma tena, safari hii kwa *Document* badala ya kuchagua kutoka kwa picha, na faili ikafika nzima.

Ya pili iliniumiza kwa sababu niliipiga mwenyewe. Juu ya mlango mmoja wa Ndia Kuu kuna kizingiti chenye maandishi na maua yaliyochongwa kwa ustadi, na kiko juu sana. Nilisimama upande wa pili wa uchochoro nikakivuta kwa vidole kwenye kioo cha simu, mara nne. Faili ikahifadhiwa ikiwa na pikseli 4000 kwa 3000. Lakini simu yangu ina lenzi moja tu ya nyuma, na lenzi hiyo haikusogea. Simu ilikata kipande cha katikati, pikseli 1000 kwa 750, kisha ikakijaza mpaka kifike 4000 kwa 3000. Kwenye A3, maua yote yalikuwa yamevia.

Hapa ndipo linapoingia neno la tatu, lile watu wanaloliita resolusheni. Maana yake ya kweli ni undani: alama ndogo kiasi gani bado zinatengana ndani ya picha. Pikseli ni nafasi za kuweka habari, na undani ni habari iliyomo. Mkono uliotikisika, lenzi yenye alama za vidole, kuvuta kwa kioo na kuvimbisha kwa programu vyote hupunguza undani huku idadi ya pikseli ikibaki ile ile au kuongezeka. Na kinachowachanganya wanaoanza ni kwamba programu huandika *Resolution* pale ambapo ni lebo ya msongamano tu.

Pikseli unaweza kuzisoma kwenye sifa za faili, na msongamano unaweza kuupiga hesabu. Undani haujaandikwa popote. Lazima uupime kwa jicho, na njia ninayotumia sasa ni hii. Ninafanya nakala ya picha. Kwa *Scale Image* ninaipunguza kutoka 4000 hadi 2000, halafu ninairudisha 4000. Ninazifungua ya asili na ya kurudishwa bega kwa bega, zote kwenye 100%, ninatazama sehemu yenye mambo madogo: mishipa ya mbao, kingo za misumari, herufi. Kama ya kurudishwa imefifia, basi ya asili ilikuwa na undani ambao pikseli 2000 hazikuweza kuubeba, na ni salama. Kama sioni tofauti, basi zile pikseli 4000 zilikuwa zimebeba mzigo wa 2000 tu, na nigawanye 2000 kwa inchi badala ya 4000.

Ile ya kizingiti niliipunguza hadi 1000 na kuirudisha, na bado sikuona tofauti. Elfu moja kwa inchi 16.5 ni 61. Karatasi ilikuwa imesema kweli.

Hakuna dawa ya programu kwa picha hiyo. Nilirudi Ndia Kuu, nikamwomba ruhusa bibi mwenye nyumba ya mbele, akanikaribisha hadi dirisha lake la ghorofani ambalo linatazamana na kizingiti kile. Nikakipiga bila kuvuta. Alinieleza pia ni nani aliyeyasoma maandishi yale mara ya mwisho kwa sauti, lakini hayo nimeyaandika kwenye daftari la ukumbi.

Hasara ya siku: karatasi mbili za A3, shilingi 500.

Alhamisi, 15 Mei: babu na skana

Picha ya babu ni ya karatasi, sentimita 9 kwa 13, nasi tunaitaka A4. Kwa skana, namba ya dpi kwa mara moja ina maana ya moja kwa moja, kwa sababu karatasi ya asili ina inchi zake: ukichagua 300, skana inachukua sampuli 300 kwa kila inchi ya karatasi *ile*. Inchi 5.1 za picha ya babu zilinipa pikseli 1535. Nilipozitandaza kwenye A4 yenye inchi 11.7, zikawa 131 kwa inchi. Fundi wa skana alikuwa ameniambia "nimeiskani 300, iko tayari", na hakukosea. Tatizo ni kwamba 300 ilikuwa ya karatasi ndogo na mimi nilikuwa naenda kwenye kubwa. Nakala hiyo ya A4 ilionyesha kofia ya babu kama kitambaa kisicho na ushono.

Niliskani tena kwa 600: pikseli 3071, yaani 262 kwa inchi kwenye A4. Tundu za ushono wa kofia zikaonekana. Kwa kutaka kujua, nikajaribu 1200. Faili ikawa na pikseli mara nne ya ile ya 600, na kilichoongezeka ni vumbi na chembechembe za karatasi yenyewe. Undani wa picha ya karatasi una mwisho wake, na hapa mwisho ulikuwa kabla ya 1200.

Skana shilingi 50 kila mara, mara tatu. Kuchapa A4 mbili, shilingi 200.

Jumanne, 20 Mei: umbali wa mtazamaji

Zilibaki A2 na bango. A2 ina upande mrefu wa inchi 23.4, kwa hiyo pikseli zangu 4000 zinatoa 171. Bango la mita 2 ni inchi 78.7, linatoa 51. Fundi wa mabango, mzee mtulivu ambaye amefanya kazi hii muda mrefu, alinisikiliza nikilalamika kwamba siwezi kufikia 300, akaniuliza, "Mwanangu, watu watalitazama wakiwa wamesimama wapi?"

Hilo ndilo swali lililokuwa limekosekana. Jicho zuri la kawaida hutenganisha vitu viwili vikiwa mbali kwa kiasi cha dakika moja ya pembe, ambayo ni sehemu moja ya sitini ya digrii. Ukiigeuza kuwa hesabu ya uchapaji, inakuwa hivi:

```
ppi inayohitajika = 8700 ÷ umbali kwa sentimita
```

Picha unayoishika mkononi sentimita 30 kutoka usoni inadai 290, na ndiyo sababu 300 imekuwa desturi ya maduka. Picha ya ukutani unayoitazama kwa nusu mita inadai 174, na A2 yangu ina 171. Anayesimama nusu mita hatapoteza kitu. Bango letu linatundikwa juu ya lango, na aliye karibu kabisa yuko mita 2 kutoka kwalo: 8700 gawa kwa 200 ni 44 hivi. Nina 51.

Ningemtii aliyesema "300 kwa kila kitu", bango lingedai pikseli 23622 kwa upana. Hakuna simu yenye hizo, na mtu angerudi tena kule kwa *Resample*.

Hata hivyo niliomba jaribio kabla ya kulipa. Nilikata kutoka kwenye picha kipande cha pikseli 600 kwa 600, chenye misumari na mfaa wa katikati, mzee akakichapa kwenye mabaki ya turubai kwa ukubwa wa sentimita 30, ambao ndio ukubwa ambao kipande hicho kingekuwa nao ndani ya bango zima. Shilingi 100. Tulikibandika ukutani nje ya duka. Kwa karibu viraba vilionekana. Nilirudi nyuma hatua kwa hatua, na nilipofika kama mita moja na nusu vikaungana vikawa shaba na mbao.

Tahadhari moja: hesabu hii inafaa pale ambapo mtazamaji hawezi kusogea. Ukumbini, picha za A3 ziko usawa wa macho na watoto watazikaribia mpaka pua iguse kioo. Kwa hizo sikushuka chini ya 240.

Jumamosi, 24 Mei: zimetundikwa

Mvua ya masika ilinyesha siku tatu na unyevu ulikunja karatasi mbili, kwa hiyo nilizilaza chini ya vitabu usiku mmoja kabla ya kuzitia fremu. Fremu zimetolewa na ukumbi. Mengine yote niliyolipa ni haya: A3 kumi na moja kwa shilingi 2,750, zikiwemo nane za ukutani, moja ya ziada ya jaribio la lebo na mbili zilizoharibika, A2 shilingi 700, A4 mbili 200, skana 150, bango 1,400 na kipande chake cha jaribio 100. Jumla shilingi 5,300. Katika hizo, 1,050 ni za makosa na majaribio.

Mlango wa kizingiti umewekwa kando ya picha ya babu. Faili za asili ziko kwenye flashi iliyo kabatini kwa katibu wa ukumbi, zikiwa hazijakatwa wala kubadilishwa, na kila moja ina jina lenye mtaa na upana wa pikseli zenye undani wa kweli, mfano `ndiakuu_kizingiti_4000.jpg`. Ile ya kwanza ya kizingiti nimeihifadhi pia, kwa jina la `ndiakuu_kizingiti_1000.jpg`, ingawa sifa za faili bado zinaandika 4000. Atakayetaka kuichapa kadi ya posta ya inchi 6 atapata 167 kwa inchi.

Bango limewekwa leo alasiri. Kona ya kushoto inahitaji kamba nyingine kabla upepo wa kusi haujashika.